Komenti Chini ya Pete

Maneno yangu mwenyewe yaliniumbua, tena asubuhi, tena mbele ya watu mia moja na arobaini.

Kazi yangu ni kutunga maneno ya kadi. Wengi hawajui kama hiyo ni kazi. Wanadhani kadi huzaliwa na maneno yake, kama chungwa na ganda lake. La hasha. Kuna mtu amekaa kwenye chumba chenye harufu ya wino, kando ya mashine ya kukatia karatasi, anaumiza kichwa ili wewe usiumize chako. Mtu huyo ni mimi. Kazini wananiita Bi Kadi, na kwa miaka sita nimewapongeza maharusi, wahitimu na wastaafu ambao simjui hata mmoja wao. Bosi wangu alinifundisha mapema kwamba kadi nzuri ni ile isiyomjua mtu, maana ikimjua mmoja, wa pili hatainunua.

Asubuhi hiyo Cheche aliweka picha mtandaoni. Cheche ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tunakalia dawati moja na kugombania kifutio. Leo ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana yake, na jina lile kalipata kwa sababu mbili: moja ni mashine yake, ya pili ni ulimi wake. Picha ilikuwa ya mikono miwili. Mmoja ulikuwa wake, wenye alama ya moto karibu na dole gumba na pete mpya kidoleni. Wa pili ulikuwa wa mchumba wake, Mwokaji, una unga kwenye kucha kama kawaida yake. Chini ya picha Cheche aliandika: "Aliniuliza. Nikasema ndiyo. Basi."

Nilipiga kelele hadi mwenzangu akazima mtambo wa kuchapa akidhani nimekatwa kidole. Nilifurahi, jamani. Nilijivuna utadhani pete nimevishwa mimi. Na kwa furaha hiyohiyo, bila kuvuta pumzi, nikaandika komenti: "Chanda chema huvikwa pete. Safari yenu ya mapenzi ianze kwa tabasamu na isiwe na kituo cha mwisho. Hongereni sana." Nikaongeza mioyo mitatu, nikarudi kwenye kazi za watu.

Dakika kumi baadaye simu ikatikisika. Mtu nisiyemjua alikuwa amenijibu: "Jamani, hii si ile ya kadi ya njiwa wawili? Mimi nimempelekea jirani yangu wiki iliyopita!" Chini yake nyuso za kucheka zilijipanga foleni.

Nikapandisha juu kusoma komenti za wengine, kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla. Mwenzetu tuliyesoma naye alikuwa ameandika maneno yaleyale, neno kwa neno, saa nzima kabla yangu. Mwingine alikuwa na yale ya kadi ya waridi. Mwingine ya kadi ya mishumaa. Nusu ya pongezi za rafiki yangu zilitoka kwenye meza yangu, na mimi niliyezitunga nilikuwa nimeunga foleni nyuma ya wanunuzi. Mganga hajigangi, nilikuwa nasikia tu.

Halafu nikaona mambo mawili yaliyoniondoa kicheko. La kwanza, Cheche alikuwa amegusa moyo chini ya kila komenti, moja baada ya nyingine, ila yangu aliiruka. La pili, katika ukoo mzima wa Mwokaji aliyeandika alikuwa shangazi yake peke yake: "Tunawapongeza. Ndoa ni uvumilivu, hasa mtu akiamua kuoa fundi wa vyuma." Mama yake Mwokaji hakuwa ameandika kitu. Na kila mtu aliyewajua alijua kwamba Jumamosi Cheche anakwenda kwa mama huyo mara ya kwanza.

Saa ya chakula sikula. Nikashika njia ya karakana.

* * *

Cheche alikuwa amepiga magoti mbele ya dirisha la chuma, kinyago usoni. Aliniona, nikajua ameniona, maana alianza kuchomelea mahali palipokwisha kuchomelewa. Mwokaji alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasinziasinzia, mkate ambao bado una moto umefungwa kwenye karatasi mapajani. Yeye huoka mikate kwenye tanuri la mama yake, humaliza kazi saa sita mchana, na kila siku huja kumletea Cheche mkate kabla ya kwenda kulala. Alinipungia mkono kwa macho ya mtu anayekutahadharisha.

"Hongera, mwenzangu," nikasema.

Mashine ikazimwa. Kinyago kikapanda.

"Ipi hiyo? Ya njiwa au ya waridi?"

"Cheche, usinifanyie hivyo."

"Nisikufanyie nini? Mimi si mteja tu? Nimepata ya dukani kama wateja wengine. Tena sikulipa."

"Niliandika haraka kwa sababu nilifurahi."

"Mwenzetu yule wa shule naye alifurahi. Mmefurahi kwa sentensi moja, na nukta yake pale pale." Alivua glovu moja, akaitupa kwenye meza. "Unajua tangu jana jioni aliponivisha pete nangoja nini? Siyo ya watu mia na arobaini. Nangoja yako. Nilimwambia huyu hapa, ngoja Bi Kadi aandike, utasikia. Huyo ndiye ananijua. Sijamwambia hivyo?"

"Kaniambia," Mwokaji akasema kwa upole. "Mara tatu."

"Na aliyekuwa anangoja si mimi peke yangu," Cheche akaendelea, na sasa sauti yake ikapungua, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kelele. "Mama yake anasoma. Wifi, dada yake huyu, kaniambia, ameshika simu tangu asubuhi, miwani puani, anapandisha, anashusha. Ananitafuta mimi mle ndani. Anataka kujua huyu mwanamke ni nani. Na anakuta nini? Njiwa. Mishumaa. Maua. Hakuna hata mmoja aliyesema jambo linaloonyesha kwamba Cheche ni mtu."

Niliumia, wala sitaficha. Niliumia kwa sababu kila neno lilikuwa kweli.

"Mama kasema nini juu yako?" nikauliza.

Walitazamana. Yule mwanaume alimtazama Cheche kwa namna ambayo ningetaka siku moja mtu anitazame mimi, kana kwamba anaomba radhi kwa niaba ya ukoo wake wote.

"Alisema," Cheche akajibu mwenyewe, "mwanamke anayeshika moto mchana kutwa, mikono imejaa makovu, atashikaje mjukuu wake."

"Alisema hivyo kabla ya kumwona," Mwokaji akasema.

"Na akiniona makovu yataondoka mikononi?"

Nikakaa kwenye kipande cha bomba. Nikatoa simu, nikabonyeza ile komenti yangu kwa muda mrefu mpaka ikaniuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Ikafutika, na vicheko vyote vilivyoning'inia chini yake vikafutika nayo. Nafasi ikabaki wazi.

"Naanza upya," nikasema. "Lakini kuna kitu lazima niombe ruhusa. Ni chenu, si changu, na pale kila mtu anasoma. Ile siku ya mlango wa tanuri, naweza kuitaja?"

Cheche akacheka bila kutaka. "Unaikumbuka?"

"Nilikuwa nimekaa hapahapa. Nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna. Wewe tu." Uso wake ukalegea. "Taja. Mama yake si anaujua ule mlango? Anaufungua kila siku ya Mungu."

Mwokaji aliugeuza mkate mapajani, akaugeuza tena.

Cheche hakuwa mtu wa kupitwa na ukimya wa namna hiyo. "We," akasema. "Mama yako anajua ule mlango ni kazi ya mkono wangu. Si ndiyo?"

"Anajua ni kazi ya fundi wa kule chini."

"Fundi gani wa kule chini?"

"Sikumtajia."

"Miaka miwili!"

"Mwanzo haikuwa na maana, ulikuwa fundi tu. Halafu ukawa..." Akaikaza karatasi ya mkate. "Halafu ikawa na maana sana. Na aliposema lile la mikono, nikaona nikimwambia sasa atasema namtetea. Nilikuwa nangoja siku nzuri."

"Siku nzuri!" Cheche akasimama. "Mtu ananivisha pete watu wote waone, lakini mlango wangu kauficha kwa mama yake! Unanionea aibu?"

"Aibu?" Naye akasimama, na mkate nusura uanguke. Sijawahi kumsikia Mwokaji akipandisha sauti kabla ya siku ile. "Mimi nilibeba chuma begani kutoka barabara kuu, watu wananicheka, ili nikuone wewe. Hiyo ni aibu? Mimi namwogopa mama yangu, hilo nakubali. Kukuonea aibu, hapana. Hilo usiniambie tena."

Wakatazamana, yeye na mkate wake, Cheche na glovu moja. Nilitamani ardhi inifiche, na papo hapo nilitamani kubaki, maana ugomvi wa watu wanaopendana ni mtamu kuusikia ukiwa haukuhusu.

"Basi nikiandika mlango," nikasema taratibu, "mama atajua kutoka kwenye simu. Mnataka ajue hivyo? Kama hamtaki nitatafuta jambo jingine. Yapo mengi."

Cheche alimwachia mwenzake lile swali, na nikaona jinsi alivyokuwa amebana vidole.

"Nikisema mimi, mimi ni mtoto wake niliyependa," Mwokaji akasema hatimaye. "Ataona nimelogwa. Lakini wewe ulikuwepo na huna unachokitafuta kwake. Andika. Andika kama ulivyoona, usinipambe wala usinifiche. Hata ule wa mara ya tatu."

"Utachekwa."

"Nimeshachekwa barabarani. Huko mtandaoni kuna nini kipya?"

Cheche akamnyang'anya ule mkate, akaukata kwa mkono vipande vitatu. Hivyo ndivyo anavyosema nimekusamehe.

* * *

Nilirudi kazini, nikageuza kiti nikaipa mashine mgongo.

Ya kwanza niliyoandika ilianza, "Mimi niliyekua naye, mimi ninayemjua kuliko wote." Nikahesabu "mimi" nne kwenye mistari mitatu. Pete ni ya nani? Nikafuta.

Ya pili ilisema, "Baada ya machozi yote ya yule wa kwanza, hatimaye." Yule mpenzi wake wa zamani! Mtu amekaribishwa kwenye furaha, anaingia na maiti mgongoni. Nikafuta haraka, na nikahakikisha imefutika kweli.

Ya tatu ilimlenga shangazi. Ilikuwa kali, ilikuwa na methali mbili na kijembe kimoja cha kumlaza mtu na viatu. Naikumbuka mpaka leo, na ilikuwa nzuri mno. Lakini chini ya picha ile shangazi angejibu, wifi angeingia, na kufikia jioni watu wangesahau kuna pete. Nikaifuta kwa huzuni ya mpishi anayemwaga mchuzi.

Hapo ndipo nilipoacha kutafuta maneno na kuanza kukumbuka. Walisimama wapi? Nani alisema nini? Nilijipa na mtihani mmoja, kinyume kabisa na somo la bosi: niliweka dole gumba juu ya majina yao kwenye kioo cha simu, na kusoma kilichobaki. Kama kingeweza kumfaa bibi harusi mwingine, nilikirudia. Na kwenye kuwatakia heri sikuandika "maisha marefu yenye furaha", kwa sababu hayo nimeyauza mara elfu. Nilijiuliza wawili hawa hasa wanakosa nini. Jibu nilikuwa nimeliona likiwa limekaa kwenye ndoo, linasinzia.

Nikayasoma kwa sauti ya chini. Nikayasoma tena kwa sikio la mama mkwe. Nikawataja wote wawili ili iwafikie wote wawili, nikaituma:

"Cheche, mimi nilikuwepo. Mara ya kwanza mlango wa tanuri uliletwa bawaba zimekatika, ukazichomelea upya. Mara ya pili mpini ulikuwa unacheza, ukaukaza. Mara ya tatu Mwokaji aliubeba begani peke yake kutoka barabara kuu. Ukaufungua, ukaufunga, ukamwambia, 'Huu ni mzima.' Akasema, 'Najua. Ningekuja mikono mitupu ungeniuliza nimefuata nini.' Ukavua kinyago, ukakosa jibu. Tangu dawati letu la shule hiyo ndiyo siku pekee niliyokuona umekosa jibu. Mwokaji, wewe unaamka yeye akiwa usingizini, na yeye anafunga kazi wewe unatafuta kitanda. Nawatakia kila siku mpate saa moja ambayo wote mko macho na hakuna anayeukimbilia moto wake. Najivunia mikono iliyotengeneza mlango ule. Na nikiulizwa rafiki yangu ni nani, nasema jina lako kwa sauti kubwa."

Sikuweka moyo hata mmoja.

Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya tano, Cheche akagusa moyo. Halafu watu wakaanza kuja, na safari hii hawakucheka kwa njiwa. "Kumbe ulikuwa mzima!" akaandika mmoja. "Mwokaji, bega limepona?" akauliza mwingine. Yule mwenzetu wa shule alifuta pongezi yake ya dukani, akaandika jinsi Cheche alivyowahi kumtengenezea kiti kilichovunjika darasani kwa waya na msumari. Mteja akaeleza geti lake. Jirani akaeleza siku Cheche alipomfungulia mtoto aliyejifungia ndani. Picha ya mikono miwili ikaanza kupata wenyewe.

Ila aliyengojwa alinyamaza. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Nilikata karatasi za kadi za wastaafu zikaenda upande. Bosi akanitazama, nikamwambia macho yanauma. Moyoni nilikuwa nasema, nimeharibu. Nimemwanika mtoto wa watu kwa mama yake, na Jumamosi rafiki yangu atakwenda kukaa kwenye kiti cha pembeni kama mshitakiwa, kwa sababu yangu.

Saa kumi na robo simu ikatikisika. Nikasoma mara moja, nikakaa chini. Kabla sijasoma mara ya pili, Cheche akapiga.

Hakusema hujambo. Nyuma yake karakana ilikuwa kimya, hata feni haikusikika.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Nisomee."

"Cheche, simu si unayo mkononi?"

"Macho yangu siyaamini. Nisomee wewe. Kwa sauti. Nisikie kama ndivyo."

Nikasimama katikati ya chumba, mwenzangu akazima mtambo bila kuombwa, na nikasoma maneno ambayo hakuna kadi iliyowahi kuyabeba, mengine hayana hata nukta:

"Mwanangu uliyeandika haya nakushukuru maana huku kwangu nadanganywa. Mlango huo mimi ndiye ninayeufungua kila alfajiri miaka miwili haujanisumbua hata siku moja. Nimeusifia kwa kila anayeingia humu na fundi wake nikawa namtafuta nimpe na kazi ya meza zangu. Safari ile ya tatu nilimlaani fundi kwamba ni mbabaishaji kumbe mbabaishaji nimemzaa mwenyewe. Shangazi mtu asiandike tena hapa, aliyesema la mikono ni mimi na mimi ndiye ninayeliondoa. Mkwe wangu."

Nikamtazama mwenzangu kama naye amesikia.

"Endelea," Cheche akasema.

"Mkwe wangu, Jumamosi njoo mapema, tukae jikoni, wageni wengine watakuta tumeshazungumza."

Upande wa pili nikasikia pua ikivutwa kwa nguvu, na sauti ya Mwokaji mbali kidogo ikiuliza, "Kasema nini? Mama kasema nini?"

"Hebu rudia pale," Cheche akaniambia.

"Wapi? Kwenye mbabaishaji?"

"Acha utani. Pale aliponiita."

"Mkwe wangu," nikasoma.

"Tena."

Nikamsomea tena, kwa sauti kubwa, mpaka bosi akatoka ofisini kuuliza anayeolewa ni nani.

"Rafiki yangu," nikamjibu. "Yule fundi."